Tatu Nukta Thelathini na Tano

Jumapili ile, saa saba mchana ikikaribia, Lodu alikuwa ameshahama viti vinne ndani ya hoteli ya Suzan, na Suzan alikuwa ameshamchoka. Hoteli yenyewe iko Atlabara, jijini Juba, upande wa kuelekea chuo kikuu, mabati juu na turubai ubavuni. Sifa yake kubwa si chakula, ingawa samaki wa Suzan hawana mpinzani. Sifa yake ni jenereta isiyokohoa na waifai isiyolala, na siku hiyo Lodu alikuwa tayari kuuza hata viatu vyake kwa vitu hivyo viwili.

"Kocha, kalia kiti moja," Suzan alimwambia. "Mimi iko na wateja hapa. Unawatia kizunguzungu."

Suzan alikulia Arua, uhamishoni, na Kiswahili chake cha Uganda hakijawahi kusumbuliwa na ngeli. Lodu yeye alikulia Eldoret, akakimbia huko na wenzake mpaka goti lilipomkatalia, akarudi Juba na kazi moja tu aliyoijua vizuri: kuwafundisha wengine kukimbia. Miaka sita alikuwa akiwaamsha vijana alfajiri na kuwapeleka barabarani kabla jua halijakasirika. Katika vijana wote hao, mmoja tu alikuwa wa kweli. Nyaduoth.

Na huyo Nyaduoth, wakati ule Lodu akihangaika na viti, alikuwa amesimama kwenye mstari wa kuanzia mbio katika mji mmoja wa Marekani, ambako ilikuwa bado asubuhi, amevaa bukta nyekundu na namba kifuani. Nusu marathoni. Kocha wa timu ya chuo kimoja cha huko alikuwa amemwona kwenye video, akamwalika, akamwambia wazi bila kuzungusha: ukimaliza chini ya saa moja na dakika kumi na sita, nafasi ni yako, utasoma, utakimbia, utalala na kula. Ukizidisha hata sekunde moja, tiketi yako ya kurudi ni ya Jumanne. Hakuna cha mara ya pili. Nyaduoth alikuwa ametimiza miaka ishirini na mitatu, na nafasi zile huwa hazimsubiri mtu azeeke.

Suzan naye alikuwa na lake. Ni yeye aliyemlisha Nyaduoth kwa miaka miwili, tangu aliporudi kutoka kambi ya Kakuma bila ndugu wa kumpokea. Binti alilala chumba cha nyuma cha hoteli hiyo hiyo. Kwa hiyo Suzan alijifanya mkali kwa Lodu, lakini tangu asubuhi alikuwa ameshatia chumvi mara mbili kwenye mchuzi mmoja.

"Wameanza!" Romano akapiga kelele. Huyu ni bodaboda, mteja wa kila siku, na hakuna aliyemwita, lakini Romano haitwi, hufika. Alikuwa amemchungulia Lodu begani.

Kwenye simu ya Lodu hapakuwa na picha, jamani, msidhani. Palikuwa na ukurasa wa mbio tu, wenye jina la Nyaduoth na mstari mtupu. Kila mkimbiaji alikuwa na kidude kwenye kiatu, na kila akikanyaga mkeka uliotandikwa barabarani, mkeka wa kilomita tano, wa kumi, wa kumi na tano na wa ishirini, muda wake unajitokeza pale. Katikati ya mikeka ni kungoja na kumwomba Mungu.

Lodu alijua kitakachotokea. Alikuwa amekipanga mwenyewe. Mwendo wa Nyaduoth ulikuwa dakika tatu na sekunde thelathini na tano kwa kilomita. Si thelathini na nne, si thelathini na sita. Kwa mwendo huo angemaliza kwa saa moja, dakika kumi na tano na sekunde thelathini na sita, na kubaki na akiba ya sekunde ishirini na nne. Walikuwa wameufanyia kazi mwendo huo mwaka mzima kwenye lami, mpaka binti akaweza kuutoa bila saa, amefumba macho. Na walikuwa wamejaribu tatu thelathini pia. Mara tatu. Mara zote tatu Nyaduoth alikwenda kama malaika mpaka kilomita ya kumi na mbili, kisha miguu ikawa magogo. Mwili wake ulikuwa na mpaka, na mpaka huo Lodu aliujua kwa sekunde.

Shida ilikuwa moja, nayo ilionekana ndogo. Ukiacha ile mikeka isiyo na saa, Wamarekani hawahesabu kilomita. Barabara yao ile ilikuwa na vibao vya maili, na kila kibao kina saa kubwa pembeni yake. Nyaduoth hana zile saa za mkononi zinazozungumza na setelaiti; anayo ya kawaida, ya kubonyeza. Basi Alhamisi kabla ya safari, Lodu alikaa naye papa hapa hotelini, akatoa simu, akageuza mwendo wa kilomita kuwa mwendo wa maili, akamwandikia nyakati kwa kalamu ya wino mzito kwenye utepe wa plasta, wa kubandika mkononi. Maili ya kwanza, dakika tano na sekunde thelathini na tisa. Ya pili, kumi na moja kumi na nane. Akaendelea hivyo mpaka maili ya kumi, hamsini na sita na thelathini. Hapo akafunga kalamu.

"Na tatu za mwisho?" Nyaduoth aliuliza.

"Baada ya maili kumi hakuna saa," Lodu alimjibu. "Hapo mtu hukimbia kwa roho. Ukifika hapo kwa wakati, umemaliza."

Ndivyo anavyofundisha. Hata hapa Juba, kwenye kipande cha mwisho huwanyang'anya vijana wake saa. Ana sheria zake, na sheria ya kwanza ni hii: mwendo ukipangwa, umepangwa. Ukienda pole, utarudia. Ukienda haraka, utarudia pia, tena wewe ndiye utakayeonywa zaidi. Sheria ya pili: kelele za barabarani si zako. Watu wa pembeni watakuambia kaza, watakuambia legeza, hawajui kitu. Msikilize kocha peke yake. Wengine walinung'unika. Nyaduoth hakunung'unika hata siku moja. Ukimwambia tatu thelathini na tano, ataleta tatu thelathini na tano hata nyumba ikiungua.

Mkeka wa kilomita tano ukajitokeza.

"Kumi na saba thelathini na tatu!" Romano alisoma kwa sauti. "Anaruka huyo! Kocha, msichana wako anaruka!"

Lodu alikunja uso. Alitarajia kumi na saba hamsini na tano. Sekunde ishirini na mbili ni nyingi, nyingi sana. Akajituliza: ni msisimko. Umati, muziki, nchi ya watu, hewa ya baridi baada ya joto letu hili. Kila mtu huanza haraka mara ya kwanza. Atajirudi.

"Mbona umenuna?" Suzan aliuliza. "Haraka si ndiyo vizuri?"

"Haraka si vizuri, dada. Haraka ni deni."

"Haraka haraka haina baraka," Romano akadakia, akacheka peke yake.

Wakangoja. Suzan aliacha mteja wake na sahani mkononi, akaja kusimama. Lodu alijiambia kwamba mkeka wa pili utaonyesha amepunguza, kwamba Nyaduoth si mjinga, atakuwa ameangalia utepe kwenye maili ya pili na ya tatu akajua amezidisha. Utepe ungemwambia. Hiyo ndiyo kazi ya utepe.

Kilomita kumi. Thelathini na tano na sekunde sita.

Romano alishangilia. Lodu hakusikia. Alikuwa anaangalia ile namba. Kumi na saba thelathini na tatu, mara mbili, ni thelathini na tano na sita. Sawasawa. Bila sekunde moja ya kuongeza wala kupunguza. Mtu mwenye msisimko hakimbii hivyo. Mwenye msisimko huanza kama mwizi kisha hupoa. Anayekimbia hivi, kilomita kumi kama zilizokatwa kwa msumeno mmoja, ni mtu aliyepangiwa na anayetii. Nyaduoth hakuwa amezidisha chochote. Alikuwa anafanya alichoandikiwa.

"Mungu wangu," Lodu alisema polepole. "Nimemwandikia nini?"

"Umemwandikia nini wapi?" Suzan akauliza.

Lodu alifungua kikokotoo cha simu, akarudia kile alichofanya Alhamisi. Maili moja ni kilomita moja nukta sita sifuri tisa. Akaandika tatu, nukta, thelathini na tano, vile anavyoandika siku zote, vile makocha wote aliokulia kwao wanavyoandika ubaoni, nukta katikati ya dakika na sekunde. Akazidisha kwa moja nukta sita sifuri tisa. Kikokotoo kikamletea tano nukta thelathini na tisa. Sawa. Ndiyo hiyo aliyoandika.

Halafu akaiona.

Nukta! Nukta ya kocha ina sekunde sitini nyuma yake. Nukta ya kikokotoo ina mia. Mashine haikujua kabisa kwamba thelathini na tano ni sekunde. Ilidhani ni thelathini na tano za mia, ambazo ni sekunde ishirini na moja tu. Na ilipomrudishia tano nukta thelathini na tisa, ilimaanisha dakika tano na thelathini na tisa za mia, naye akaisoma sekunde thelathini na tisa. Alikosea akiingia, akakosea akitoka, na makosa mawili yakavutana, yakakaribia kufutana, yakaacha tofauti ndogo isiyomshtua mtu. Lau ingekuwa dakika nzima, hata Romano angeiona.

Akafanya upya, sasa kwa njia ya kweli, akisema kwa sauti kama mtoto wa shule. "Dakika tatu ni sekunde mia na themanini. Ongeza thelathini na tano. Mia mbili kumi na tano. Mara moja nukta sita sifuri tisa." Mia tatu arobaini na sita, kasoro kidogo. Toa mia tatu, ambazo ni dakika tano. Dakika tano na sekunde arobaini na sita.

Arobaini na sita! Si thelathini na tisa. Sekunde saba kila maili. Alikuwa amempeleka mtoto wa watu kwa mwendo wa tatu thelathini na moja, karibu ule ule uliomvunja mara tatu kwenye kilomita ya kumi na mbili. Na kama angeendeleza utepe mpaka mwisho, angeona jumla inakuja saa moja na kumi na nne, angejua papo hapo kuna kitu kimekwenda kombo. Lakini hapana, yeye na maringo yake ya kukimbia kwa roho, akafunga kalamu kwenye maili kumi!

"Suzan," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, "nimemuua. Hesabu ni mbaya. Utepe ni mbaya. Nimemwandikia mwendo wa haraka kuliko nguvu zake."

Suzan aliweka ile sahani mezani, si meza ya mwenye sahani. "Pigia yeye simu."

"Simu yake iko kwenye mkoba, huko mwanzoni. Anakimbia, Suzan!"

"Pigia Abang basi! Abang iko barabarani!"

Abang ni mama wa kwetu aliyehamia kule miaka mingi. Ndiye aliyemlaza Nyaduoth nyumbani kwake na kumpikia, na alikuwa ameahidi kusimama kwenye kibao cha maili ya kumi na bendera. Lodu akapiga. Simu ikasema mwenyewe anaongea na mtu mwingine. Akapiga tena. Anaongea. Akapiga mara ya tatu, akasimama, akapiga akiwa nje ya turubai kwenye jua, akarudi ndani. Anaongea.

"Anaongea na nani? Anaongea na nani mwanamke huyu?"

"Atakuwa anaonyesha ndugu zake mbio kwa video," Romano alisema. Sasa hata yeye hakuwa anacheka. "Kocha, wewe piga tu. Hatimaye atakata. Usichoke."

Lodu alipiga. Kila alipopiga aliona barabara ile asiyoijua, na kilomita ya kumi na mbili ikimjia yule binti kama mbwa mkali aliyefunguliwa. Alitamani kupiga kelele na kelele zivuke bahari. Wateja walikuwa wameacha kula. Mzee mmoja alivua kofia bila kujua ni kwa nini.

Kilomita kumi na tano ikajitokeza. Dakika hamsini na tatu na sekunde kumi.

Romano akahesabu kwa vidole. "Amepungua. Lakini si bado yuko sawa?"

"Yuko mbele," Lodu alisema. Akarudia hesabu kichwani, akaogopa kuiamini. Kwa mwendo wa kweli, wa tatu thelathini na tano, alipaswa kupita hapo kwa hamsini na tatu na arobaini na tano. Alikuwa bado mbele kwa sekunde thelathini na tano. Miguu imeanza kumkatalia, ndiyo, lakini akiba anayo. Akitulia sasa, akivuta pumzi, akijikokota kwa akili, atafika. Atafika! Bado kuna nafasi!

Kisha akakumbuka utepe, na nafasi hiyo ikageuka kuwa kitu cha kutisha kuliko vyote. Kwenye maili ya kumi utepe unasema hamsini na sita na thelathini. Nyaduoth atafika pale kama hamsini na saba na kitu. Kwa mwendo wa kweli yuko mbele, lakini utepe utamwambia amechelewa. Utamwambia amechelewa karibu dakika nzima. Na mtu kama Nyaduoth akiambiwa na kocha wake kwamba amechelewa, atafanya nini? Atakaza. Atatoa kile kidogo kilichobaki, chote, kwa mara moja, kulipa deni ambalo hana.

"Abang, shika simu," Lodu alisema. "Shika simu, mama. Shika simu. Ya Rabbi, shika simu."

Simu ikaita. Ikaita kweli, si ile sauti ya kuongea. Abang akapokea, kelele za watu zikajaa hotelini.

"Kocha! Yuko wapi sasa? Namsubiri hapa na bendera!"

"Sikiliza, Abang, usiongee. Utepe wa mkononi ni mbaya. Nimekosea hesabu. Akipita mwambie aache utepe. Mwambie hajachelewa, yuko mbele. Asikaze. Mwambie Kocha amesema asikaze!"

"Asikaze?"

"Asikaze! Yuko mbele! Autupe utepe!"

"Namwona! Kocha, namwona, anakuja!"

Hotelini wote walimsikia Abang akipaza sauti ya mwanamke aliyezoea kuita watoto kutoka ng'ambo ya mto. "Nyaduoth! Nyaduoth! Kocha anasema usikaze! Uko mbele! Tupa utepe! Tupa!" Kelele za watu, makofi, mtu anapuliza firimbi, na viatu. Lodu aliapa baadaye kwamba alisikia viatu vyake, kwamba angevitambua popote.

"Amesikia?" aliuliza. "Abang, amesikia?"

"Amenitazama. Kisha akatazama mkono wake, na ile saa kubwa." Abang alikuwa anahema kama yeye ndiye aliyekimbia. "Kisha akaondoka kwa kasi, Kocha. Kwa kasi sana, kama mtu aliyechomwa."

Lodu aliketi. Hapakuwa na kiti pale, aliketi kwenye kreti la soda. Suzan alimwekea mkono begani. Kwa nini Nyaduoth amsikilize Abang? Kelele za barabarani si zako. Msikilize kocha peke yake. Na kocha alikuwa mkononi mwake, kwa wino mzito, anamwambia umechelewa.

Kusubiri mkeka wa kilomita ishirini kulikuwa kubaya kuliko yote. Wateja wawili walilipa na kuondoka, kwa aibu ya kuangalia msiba wa watu. Mzee wa kofia alibaki. Romano alitoka nje kwenye pikipiki yake, akarudi, akatoka.

Saa moja, dakika kumi na moja na sekunde hamsini na tano.

Sasa alikuwa amechelewa kweli. Alipaswa kupita kwa kumi na moja na arobaini. Lodu alihesabu mara moja, kwa sekunde, si kwa nukta, maana nukta alikuwa ameshaiogopa. Imebaki kilomita moja na mita kama mia. Ana dakika nne na sekunde tano. Anahitaji tatu arobaini na tatu kwa kilomita. Kwa siku yake ya kawaida ni mwendo wa kuongea na rafiki. Hata leo inawezekana. Inawezekana kabisa, ikiwa amebakiwa na kitu.

"Kaza sasa," Lodu alinong'ona. "Sasa ndiyo ukaze, mwanangu. Sasa."

Suzan alikuwa anasali kwa Kikakwa, macho wazi.

Ukurasa ukabadilika. Saa moja, dakika kumi na sita, sekunde kumi na nane.

Romano alisoma mara mbili, kimoyomoyo, midomo ikicheza, kana kwamba akisoma tena zitapungua. Kisha akasema "Khalas, imekwisha," kwa sauti ya chini, akatazama chini. Suzan alifunika uso kwa kanga yake, akalia pale pale mbele ya wateja, bila kujificha, kama analilia mtu aliyekufa.

Ilipita muda mrefu kabla simu haijaita. Ilikuwa simu ya Abang, lakini sauti ilikuwa ya Nyaduoth, imekauka.

"Kocha, nisamehe. Nimekuangusha."

"Nyaduoth..."

"Nilichelewa. Mpaka maili ya saba nilikuwa sawa na utepe, kila kibao sawa. Ya nane ikaanza kuniponyoka. Ya kumi nilikuwa nyuma sekunde arobaini na tano. Nikajaribu kuzirudisha, Kocha. Nilijaribu kwa nguvu zangu zote. Abang alipiga kelele, lakini nilikumbuka ulichotufundisha, sikumsikiliza. Baada ya hapo sikuona barabara vizuri. Mwishoni nilikuwa kama natembea. Nisamehe."

Lodu angeweza kunyamaza. Usimlaumu kwa hilo; kwa muda wa kumeza mate, alilifikiria. Angesema pole, angesema tutajaribu tena, na kosa lingebaki kuwa la miguu ya binti. Lakini Suzan alikuwa amefunua uso, anamtazama.

"Kosa ni langu," alisema. "Utepe haukuwa sawa. Nilipogeuza kuwa maili, nilikosea. Ilipaswa kuwa tano arobaini na sita. Nilikuandikia tano thelathini na tisa. Ulikuwa unakimbia tatu thelathini na moja tangu mwanzo. Abang alikuwa anasema maneno yangu. Nitamwandikia kocha wa huko, leo hii, nitamweleza..."

"Ameshaondoka. Amenipa mkono, amesema asante kwa kuja. Amesema saa ni saa. Kocha, kwenye maili ya kumi, nilikuwa nimechelewa au sikuwa nimechelewa?"

"Hukuwa umechelewa."

"Nilikuwa wapi?"

Ilibidi ajibu. "Mbele. Mbele kwa sekunde ishirini na tano."

Alisikia pumzi yake. Alidhani atalia, na angependa alie, maana kilio mtu anakijua namna ya kukibembeleza. Nyaduoth hakulia.

"Nilijua," alisema. "Maili ya kwanza tu, miguu iliniambia. Iliniambia hii si tatu thelathini na tano, hii ni ile nyingine. Tatu thelathini na tano naijua, Kocha, mwaka mzima nimelala nayo. Nikaiambia miguu inyamaze. Nikaiambia, nyinyi mnajua nini, Kocha amepiga hesabu."

Lodu aliibana simu zaidi sikioni.

"Nikifika Juba usije kunipokea," Nyaduoth alisema. Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayepanga safari. "Aje Suzan. Suzan yuko hapo?"

"Yupo."

"Nipe Suzan."

Akampa Suzan simu.